Menyu ya Simu ya Hospitali Ianze na Mgonjwa, Si na Idara

Ichukuliwe nyumba moja, saa nne za usiku. Mwanamke aliyejifungua siku sita zilizopita amelala kitandani. Mtoto ananyonya vizuri, lakini tangu alasiri mama huyo analalamika kwamba kichwa kinampasuka na macho yanaona ukungu. Mama mkwe wake anayo namba ya hospitali ya rufaa ya mkoa, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki. Anapiga. Simu inapokewa na sauti iliyorekodiwa, nayo inasema hivi:

"Asante kwa kupiga simu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Simu yako ni muhimu kwetu. Tafadhali sikiliza kwa makini kwa kuwa orodha yetu ya huduma imebadilika. Mazungumzo haya yanaweza kurekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma. Bonyeza moja kwa ajili ya utawala. Bonyeza mbili kwa ajili ya idara ya wagonjwa wa nje. Bonyeza tatu kwa ajili ya kliniki ya afya ya uzazi na mtoto. Bonyeza nne kwa ajili ya idara ya radiolojia. Bonyeza tano kwa ajili ya maabara. Bonyeza sita kwa ajili ya famasia. Bonyeza saba kwa ajili ya bima na malipo. Bonyeza nane kwa ajili ya kitengo cha magonjwa ya dharura na ajali. Bonyeza tisa kuzungumza na mhudumu."

Hospitali hii ni ya mfano tu, na ujumbe wake umetungwa kwa ajili ya makala haya. Hata hivyo, aliyewahi kupiga simu katika ofisi kubwa yoyote atautambua. Hakuna neno la uongo ndani yake, na kila idara imetajwa kwa jina lake rasmi. Pamoja na hayo, mama mkwe hana pa kubonyeza. Mkwewe si mgonjwa wa nje, kwa kuwa yuko kitandani nyumbani. Si mjamzito tena, na kliniki ya uzazi na mtoto katika fikra za familia ni mahali pa kupima uzito na kuchanja, tena asubuhi. Dharura na ajali? Hakuna aliyegongwa na pikipiki. Mama mkwe anaamua kwamba hilo ni jambo la kesho. Anakata simu, anatafuta vidonge vya maumivu.

Kila mkunga anajua hatari iliyopo hapo. Shinikizo la damu linaloambatana na ujauzito haliishi siku ya kujifungua. Linaweza kuendelea, au hata kuanza, baada ya mtoto kuzaliwa, hasa katika siku za mwanzo, na mama huendelea kuangaliwa kwa ajili hiyo hadi wiki ya 6. Maumivu makali ya kichwa na kuona ukungu ni dalili zinazoweza kutangulia kifafa cha mimba. Hospitali ilikuwa na mkunga wa zamu usiku ule, ilikuwa na mashine ya kupimia presha na ilikuwa na dawa ya magnesiamu salfeti. Kilichokosekana ni sentensi moja katika rekodi, ambayo mama mkwe angeisikia na kusema moyoni: huyu ni mtu wangu.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maneno ya menyu ya simu hayana budi kuanza na kile anachokijua anayepiga katika dakika ile ya kupiga, na si na mgawanyo wa vyumba vya hospitali. Hospitali nyingi humwachia kazi hii fundi wa mitambo, ambaye hana kosa lolote: hupewa orodha ya namba za ndani za idara na kuigeuza kuwa ujumbe. Kazi hiyo ni ya kitabibu kabla ya kuwa ya kifundi, na anayepaswa kuketi mezani na fundi ni muuguzi anayejua watu husema nini wanapofika mapokezi.

Muda uangaliwe kwanza, kwa sababu unapimika kwa saa ya mkononi. Msomaji wa rekodi asiye na haraka hutamka karibu maneno mawili kwa sekunde. Ujumbe ulionukuliwa hapo juu una maneno 34 kabla ya chaguo la kwanza, yaani sekunde 17 ambazo anayepiga hapati chochote cha kutumia. Dharura imewekwa namba nane, na kabla ya kuifikia yanatamkwa maneno 90, yaani sekunde 45 bila kuhesabu vituo vya kupumua. Muda huo hulipiwa. Simu ya kawaida huanza kukata salio pale mtambo unapopokea, si pale mtu anapojibu, na mwenye salio la dakika moja anaweza kukatikiwa kabla hajafika kwenye chaguo lake. Kama hospitali haina namba ya bure, kila neno la utangulizi linanunuliwa na mgonjwa.

Kwa hiyo sentensi nne za mwanzo zichunguzwe moja moja. Jina la hospitali libaki, maana anayepiga anataka kujua kama hakukosea namba. "Simu yako ni muhimu kwetu" itoke. Onyo kwamba orodha imebadilika litoke pia: anayepiga kwa mara ya kwanza haijui orodha ya zamani, na anayeijua atagundua mwenyewe. Taarifa ya kurekodiwa kwa mazungumzo, ikiwa kweli yanarekodiwa, isiondolewe, kwa kuwa mgonjwa ana haki ya kuijua, lakini inaweza kusemwa baada ya kubonyeza, wakati simu inasubiri kupokewa, mradi isikike kabla mazungumzo hayajaanza. Nayo salamu ni jambo la kufikiria. Mswahili hapendi kuingia kwenye shughuli bila salamu, na hilo ni jema, ila rekodi inayouliza "Hujambo?" humvuta mzee ajibu "Sijambo, mwanangu", na wakati anajibu chaguo la kwanza limekwisha kumpita. "Karibu" inatosha. Inaheshimu, na haidai jibu.

Baada ya hapo huja mpangilio wa sentensi yenyewe. Rekodi ya mfano inasema "Bonyeza tatu kwa ajili ya kliniki". Msikilizaji anapewa namba kabla hajajua ni ya nini, hivyo analazimika kuishika kichwani huku akisubiri maana yake. Ikija maana isiyomhusu, anaitupa namba hiyo na kushika nyingine. Akigundua kwamba ile ya nyuma ndiyo iliyomfaa, keshaisahau. Mpangilio ukigeuzwa, ukawa "Kama ni mjamzito, bonyeza mbili", msikilizaji hupumzika mpaka asikie hali yake, kisha namba inakuja palepale na kidole kinaifuata. Ni badiliko dogo lisilogharimu kitu.

Idadi ya machaguo nayo ina kikomo, na katika Kiswahili kuna sababu ya ziada ambayo miongozo ya lugha nyingine haiwezi kuitaja. Simu ya kawaida haipitishi sauti nzima ya mtu. Kwa desturi hupitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na mawimbi ya mtandao yakiwa dhaifu hata hayo huchakaa. Katika sauti iliyochujwa hivyo, "nne" na "nane" hukaribiana sana, hasa zikisemwa haraka na mwenye mafua. "Tatu" na "tano" huanza kwa silabi moja, na aliyekosa silabi ya pili huku mtoto akilia hana namna ya kuzitenganisha. Menyu yenye machaguo tisa hubeba jozi zote mbili. Menyu inayoishia nne, pamoja na sifuri kwa ajili ya mtu wa mapokezi, haina "nane" wala "tano", na hivyo jozi zote mbili zinavunjika. Hospitali itasema ina idara kumi na mbili na haiwezi kuzibana katika namba nne. Inaweza, kwa sababu anayepiga hatafuti idara. Radiolojia, maabara na famasia kwake ni swali moja: majibu yangu au dawa yangu iko wapi. Mpokezi mmoja mwenye orodha ya namba za ndani atamfikisha.

Menyu mpya ya hospitali ile ile inaweza kusomeka hivi:

"Karibu, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kama mgonjwa anatoka damu nyingi, anapumua kwa shida, mwili unakakamaa na kutikisika, haitiki akiitwa, au ana hali nyingine inayokutisha, bonyeza moja. Kama ni mjamzito, au amejifungua ndani ya wiki sita zilizopita, bonyeza mbili. Kama unaulizia siku ya kliniki, majibu ya vipimo au dawa, bonyeza tatu. Kwa malipo na bima, bonyeza nne. Kuzungumza na mtu wa mapokezi, bonyeza sifuri, au subiri."

Mama mkwe wa mfano wetu anasikia hali ya mkwewe na namba yake ndani ya maneno 39, yaani takriban sekunde 20. Katika sekunde hiyo hiyo rekodi ya zamani ilikuwa ndiyo kwanza inamaliza kuitaja idara ya utawala.

Maneno ya chaguo la kwanza yanahitaji kuelezwa, kwa sababu hapo ndipo wenye nia njema hukosea. Rasimu ya haraka ingeandika "degedege", neno fupi na linalojulikana. Lakini "degedege" kwa watu wengi ni ugonjwa wa watoto, na katika baadhi ya jamii za Tanzania hali hiyo imehesabiwa tangu zamani kuwa ya mganga wa jadi na si ya hospitali. "Kifafa" nalo lina mzigo wake: familia hulielewa kama ugonjwa wa maisha ambao mgonjwa wao hana. Afadhali kusema kinachoonekana kwa macho, yaani mwili kukakamaa na kutikisika, kisha jina la ugonjwa likaachiwa daktari. Vivyo hivyo "kupoteza fahamu" kumegeuzwa kuwa "haitiki akiitwa", kwa sababu kutoitika ni jambo ambalo hata mtoto wa miaka kumi aliyeachwa na bibi yake anaweza kulithibitisha papo hapo.

Hata hivyo, orodha ya dalili ina hatari yake, na wauguzi watakuwa wa kwanza kuiona. Aliyesikia dalili nne zikitajwa na yake isiwemo, anaweza kuhitimisha kwamba hospitali imemwambia hana dharura. Mtu mwenye maumivu ya kifua hatoki damu wala hakakamai. Dalili zote haziwezi kuongezwa, maana menyu itarefuka tena na kurudi ilikotoka. Ndiyo maana maneno "au ana hali nyingine inayokutisha" si pambo. Yanauacha mlango wazi, na kuiweka hofu ya mlezi kuwa sababu halali ya kubonyeza moja. Rekodi haipaswi kupima ugonjwa. Kazi yake ni kumfikisha mtu kwa binadamu anayeweza kupima, na ikitungwa kana kwamba inachuja wagonjwa, itawachuja vibaya.

Pingamizi linalosikika mara nyingi katika vikao vya namna hii ni kwamba kila mtu atabonyeza moja ili apokewe haraka. Baadhi watafanya hivyo. Lakini jambo hili halihitaji kubishaniwa kwa nadharia, kwa kuwa mtambo huhifadhi kumbukumbu ya kila kitufe kilichobonyezwa. Muuguzi anayepokea namba moja aweke daftari la mistari mitatu kwa wiki mbili: dharura ya kweli, swali la mimba au mtoto mchanga, na mengineyo. Ikiwa mengineyo ni mengi, tatizo karibu kila mara liko kwenye namba tatu: watu hawakuyatambua maneno yake, au waliibonyeza na hakuna aliyepokea, wakajifunza njia ya mkato. Anayepita mlango usio wake mara nyingi amekuta ulio wake umefungwa.

Hilo linaleta swali gumu kuliko maneno yote: nani anapokea? Haifai kurekodi "bonyeza moja" kabla hospitali haijajua simu hiyo italia juu ya meza gani saa nane za usiku siku ya Jumapili. Kama inalia katika ofisi iliyofungwa, ni heri chaguo hilo lisiwepo, kwa kuwa mtu aliyeahidiwa msaada husubiri, na katika kusubiri huko hafanyi jambo lingine. Utaratibu unaofaa ni simu kulia kwa muuguzi wa zamu kwa sekunde 20, kisha kuhamia simu ya pili, na ikikosa mtu huko, rekodi iseme ukweli: "Simu haijapokewa. Usisubiri. Mlete mgonjwa hospitali sasa hivi; mlango wa dharura uko wazi usiku na mchana." Kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga nchini Tanzania, rekodi inaweza kuongeza namba ya bure ya usafiri wa dharura wa m-mama, ambayo ni 115, isemwe tarakimu moja moja, "moja, moja, tano", na irudiwe mara mbili, maana mtu aliye na hofu hana kalamu.

Baada ya kubonyeza, ukimya ni adui. Anayesikia kimya kwa sekunde tano huamini kwamba simu imekatika, naye huikata. Maneno machache yanatosha: "Simu inaunganishwa kwa muuguzi. Usikate." Lakini hapa pia ipo tahadhari. Wenye simu za kioo hulazimika kuitoa simu sikioni ili waone vitufe, na wengi huiweka kwenye spika. Kinachosemwa baada ya kubonyeza husikika chumba kizima, ndani ya daladala, mbele ya mwenye duka aliyeazima simu. Menyu ya mwanzo inapotaja huduma zote haimfichui mtu, kwa sababu inawaambia wote. Rekodi inayothibitisha "Umechagua kliniki ya tiba na matunzo ya VVU" inamfichua mmoja. Uthibitisho usitaje kliniki kamwe. Aambiwe tu kwamba anaunganishwa.

Simu hiyo ya kioo ina jambo lingine. Ikiwa sikioni, kioo huzimika. Anayepiga anasikia namba, anaiondoa simu, anatafuta kitufe cha kuonyesha tarakimu, anabonyeza, anairudisha sikioni. Kwa mzee hiyo si kazi ya sekunde tatu. Mtambo uliowekwa kusubiri sekunde tatu utamhesabu kuwa hakuchagua. Ukisubiri sekunde nane hadi kumi baada ya neno la mwisho, wengi watafika. Kwa upande wa pili, mtambo uruhusu mtu abonyeze wakati rekodi bado inasema, ili mgonjwa wa kisukari anayepiga kila mwezi asilazimike kusikiliza kila kitu upya. Wagonjwa nao wajue hilo: ukishaisikia namba yako, si lazima kungoja rekodi imalize.

Na asiyebonyeza kabisa? Mitambo mingi huachwa na maneno iliyokuja nayo: "Chaguo lako si sahihi", mara mbili au tatu, kisha "Kwaheri". Hakuna sehemu ya menyu inayodhihirisha zaidi kwamba iliandikwa na mtu asiyemfikiria mgonjwa. Asiyebonyeza anaweza kuwa haoni, anaweza kuwa amembeba mtoto anayetapika, anaweza kuwa anatumia simu ambayo kitufe chake cha mbili kilikufa mwaka jana. Hakukosea lolote. Menyu isimame juu ya kanuni kwamba kimya humpeleka mtu kwa mpokezi, ndiyo sababu ujumbe mpya unaishia na "au subiri". Aliyebonyeza namba isiyokuwepo aambiwe, "Namba hiyo haipo. Sikiliza tena", mara moja tu, na akikosa tena apelekwe kwa mtu.

Ipo sehemu moja ambapo lugha yenyewe huwanasa mafundi, nayo ni ujumbe unaounganishwa vipande vipande. Mtambo unapotaka kusema watu wangapi wako kwenye foleni, huchukua kipande "Kuna watu", kisha kipande cha namba, kisha "mbele yako". Katika lugha isiyobadili namba, rekodi moja ya kila namba hutosha. Kiswahili hakikubali. Mtambo utasema "Kuna watu mbili mbele yako", na msikilizaji atajua kwamba hospitali haikujali kusema naye vizuri. Ni lazima zirekodiwe namba za watu peke yake: wawili, watatu, wanne, watano, sita, saba, wanane. Kwa mmoja sentensi nzima hubadilika, "Kuna mtu mmoja mbele yako". Namba za vidonge ni viwili, vitatu, vinne. Namba za siku na dakika ni mbili, tatu, nne. Ambaye hataki kurekodi seti tatu ana njia rahisi ya kukwepa: ujumbe utaje muda tu, "Utasubiri kwa takriban dakika", kwa kuwa dakika huichukua namba kama ilivyo. Na kwa kweli anayesubiri anataka kujua dakika kuliko kujua watu.

Kosa la sarufi huchekesha tu. Kosa la saa huumiza. Kompyuta huhifadhi miadi kwa saa 24: miadi ya asubuhi imeandikwa 08:00. Kipande kilichorekodiwa kwa tarakimu 8 kinasema "nane". Mtambo unaunganisha "Miadi yako ni kesho, saa" na "nane", na mgonjwa aliyepangiwa kupimwa sukari kabla ya kula anaambiwa afike saa nane, ambayo kwa kila Mswahili ni mchana. Anakunywa chai, anakula cha mchana, anafika akiwa amechelewa saa sita. Mpokezi anamgombeza kwa kutofuata maelekezo, ilhali aliyafuata yote. Tiba yake ni fundi kupunguza saa sita kabla ya kuchagua kipande, na kila saa kurekodiwa pamoja na sehemu ya siku, kikiwa kipande kimoja kisichotenganishwa: "saa mbili asubuhi" kwa 08:00, "saa nane mchana" kwa 14:00. Kwa saa za kabla ya saa moja asubuhi hesabu hiyo inahitaji uangalifu, maana 06:00 ikitolewa sita hubaki sifuri, nayo kwa Kiswahili ni saa kumi na mbili. Hospitali inaweza kujua kama ina kosa hili kwa kujiwekea miadi mitatu ya majaribio, ya 06:30, 08:00 na 14:00, na kusikiliza simu zake yenyewe.

Kurekodi kwenyewe hakuhitaji studio. Kunahitaji msomaji mmoja, chumba chenye mapazia au magodoro yanayomeza mwangwi, na siku moja. Vipande vilivyorekodiwa na watu watatu kwa miezi tofauti humfanya anayepiga adhani amehamishiwa mahali pengine. Majina ya madaktari na siku za kliniki zisiingie katika ujumbe wa mwanzo, maana hubadilika, na ujumbe unaosema kliniki ya macho ni Jumanne ilhali imehamia Alhamisi humpotezea mtu nauli. Na maandishi ya kila kipande yahifadhiwe kwenye karatasi pamoja na jina la faili lake, vinginevyo baada ya mwaka mmoja hakuna atakayejua rekodi ipi inasema nini bila kuzisikiliza zote.

Kabla ya kurekodi lolote, maneno yajaribiwe. Muuguzi akae chumba cha pili na simu yake ya mkononi, awe ndiye mtambo. Watu kumi kutoka benchi la kusubiria wapewe shughuli moja moja, kila mmoja apige kwa simu yake mwenyewe na aseme angebonyeza ngapi. Shughuli hizo ziandikwe kwa maneno ya nyumbani: dada yako ana mimba ya miezi minane na miguu imevimba, baba yako ameishiwa dawa ya presha, mwanao alipimwa damu juzi. Na iwemo ile ya kwanza: mkweo amejifungua siku sita zilizopita na kichwa kinampasuka. Wasomaji wa kimyakimya hawafai kwa jaribio hili. Karatasi hurudiwa kwa jicho, sauti hairudiwi, na sentensi iliyoonekana safi mezani huweza kumpoteza kila mtu ikisikika mara moja. Kama watatu kati ya kumi watakosea shughuli moja, maneno ya chaguo hilo yabadilishwe, na watu wengine kumi waitwe.

Mama mkwe atakapopiga tena na kubonyeza mbili, mkunga wa zamu atamuuliza mambo mawili au matatu, kisha atamwambia amlete mkwewe usiku huohuo, na kama hakuna usafiri, apige 115. Mazungumzo hayo ni ya dakika mbili. Kuyaandaa kunahitaji mkunga, fundi na mpokezi waketi pamoja alasiri moja, pamoja na jibu la mganga mfawidhi kwa swali ambalo fundi hawezi kulijibu: simu ya namba mbili italala wodi ipi, na nani ataichaji.